Wanja wa Mama Modest

Naisenya alikuwa na jicho moja kubwa na jicho moja dogo, na kwa sababu hiyo tu kwaya ya kina mama wa Qurus ilikuwa imeamua kuikabidhi sauti yake kwa mdomo wa mtu mwingine.

Nieleze, maana si wote wanaojua mambo ya video za kwaya. Sauti hunaswa kwanza, studio. Hii ilishanaswa Arusha mwezi uliotangulia, na beti zote za kuongoza aliimba Naisenya. Siku ya kupiga picha hakuna anayeimba kweli. Spika inawekwa kwenye majani, wimbo unafunguliwa, watu wanachezesha midomo kuufuata. Basi yeyote anayejua maneno anaweza kusimama mbele, akaonekana ndiye mwenye sauti. Waliyemchagua ni Doreen, binti wa miaka ishirini na mbili, macho yake makubwa kama ya ndama.

Na aliyeleta wazo hilo ni Naisenya mwenyewe.

"Mimi niwekeni nyuma ya ngoma," alimwambia mwalimu wa kwaya, Clemensi. "Au nisije kabisa. Lakini nisimame mbele kamera inichungulie hivi? Hapana."

Clemensi hakulala vizuri na jambo hilo. Ndiye aliyenipigia simu.

Mimi ni Mwanamwema, mzaliwa wa Kondoa. Nimeishi Singida, Babati, Mto wa Mbu, Loliondo, na sehemu nyingine ambazo sikukaa hata mahindi yakakomaa. Kote huko nimekula kwa mkono huu wa kupamba nyuso za watu. Kwa sasa nina kiti kimoja na kioo kwenye duka la vipodozi la Salha, hapo Karatu mjini. Salha kila nikisema "kwa sasa" ananiangalia miguuni, kuona kama nimeshavaa viatu vya safari.

"Bibi, unaweza kulikuza jicho?" Clemensi aliniuliza.

"Kulikuza ni kazi ya Mungu. Mimi naweza kulifanya lionekane kubwa."

"Hiyo hiyo inatosha."

"Lina nini?"

"Lilifanyiwa upasuaji. Vikope. Kama miaka minne sasa, alipokwenda kwao Enguserosambu, kule Loliondo."

Nikaelewa. Ugonjwa wa vikope niliuona sana nilipokaa Loliondo. Nzi, vumbi, watoto kujifutia shuka moja, na maradhi yanarudi mara kwa mara mpaka kope la juu linakunjamana na nywele zake zinageukia ndani. Kila mtu akipepesa, zinakwaruza jicho. Wauguzi hupasua kope wakazigeuza zitazame nje tena. Jicho linaokoka. Ila pengine kope hubaki limeshuka kidogo, na jicho likaonekana limesinyaa.

"Nakuja Jumamosi," nikamwambia. "Na usimwambie mtu kwamba nitafanya muujiza."

"Nimeshawaambia," akasema Clemensi.

*

Jumamosi saa moja na nusu asubuhi nilishuka kwenye bodaboda mbele ya kanisa la Qurus. Hewa ilikuwa tulivu. Kule juu msitu wa Ngorongoro ulikuwa bado umejifunika wingu, na huku chini mbaazi zilikuwa zimesimama bila kutikisika. Nilifurahi. Qurus ikifika saa nne upepo huamka, na upepo wa huku haupiti mikono mitupu, unabeba shamba la mtu.

Kina mama walikuwa wamejaa kwenye chumba cha watoto wa shule ya Jumapili, wamevaa vitenge vya kijani vya kwaya, wamepanga foleni kama ya kisima. Mwanzo wa foleni, kwenye meza ndogo, aliketi Doreen na kioo na penseli moja ya wanja. Alikuwa ameshajipaka mwenyewe na ameshampaka mwenzake Lilian. Akailamba ncha ya penseli ili ilainike, akamwita anayefuata.

"Simama hapo hapo," nikasema.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Penseli hiyo ya nani?"

"Ya kwaya."

"Ya kwaya?"

"Tulichanga," akasema mama mmoja mnene wa sauti ya pili. "Bibi, sisi ni mwili mmoja."

Wakacheka wote, na mimi nikacheka, maana alilisema vizuri.

"Mwili mmoja sawa. Lakini mpo kumi na mbili, na macho ni ishirini na manne. Jicho moja likiwa na ugonjwa, penseli hiyo inaupeleka kwenye mengine yote, na mate yake juu. Doreen, geuka huku kwenye dirisha."

Hakutaka kugeuka. Nikamshika kidevu kwa vidole viwili. Jicho la kulia lilikuwa jekundu, si jekundu la kukosa usingizi. Pembeni palikuwa na utando wa njano.

"Ni vumbi," akasema.

"Vumbi limechagua jicho moja?"

"Bodaboda, bibi. Upande ule ndio wa upepo."

"Asubuhi uliamka kope zimeshikana?"

Akainamisha uso. Kila mtu pale aliukumbuka mwaka ule wa macho mekundu, jinsi ugonjwa ulivyoingia nyumba kwa nyumba.

"Nilizilainisha na maji ya uvuguvugu," akasema kwa sauti ndogo.

Foleni ikarudi nyuma hatua mbili, kila mmoja akimkanyaga mwenzake.

Nilimwambia asiogope, si ugonjwa wa kumuua mtu, lakini leo hapaki kitu, hapeani mkono, na anakwenda zahanati akaangaliwe. Penseli niliifunga kwenye karatasi nikaitupa chooni. Na wanja ule aliokuwa nao machoni autoe, ule wa nyumbani pia aliotumia jana autupe, maana akishapona akajipaka tena kwa kitu kile kile atakuwa ameukaribisha ugonjwa kwa mlango wa nyuma. Lilian nikampeleka kwenye ndoo, akanawa mikono kwa sabuni kwanza halafu uso, nikamwambia siku mbili tatu hizi ajitazame kwenye kioo kila asubuhi, akiona wekundu tu afuate njia ya mwenzake.

Doreen akaanza kulia. Nilitegemea atalia kwa maumivu au kwa aibu. Kumbe sivyo.

"Leo ndiyo siku yangu," akasema. "Nimefanya mazoezi ya mdomo wiki nzima. Mama Modest mwenyewe alinifundisha pale pa kuvuta pumzi."

Mama Modest ni huyo huyo Naisenya. Modest ni mwanawe wa kwanza.

"Sasa nani atasimama mbele?" Clemensi akauliza. Alikuwa mlangoni na daftari la nyimbo, kijana mrefu wa suruali fupi kidogo. "Lilian, utaweza?"

"Lilian anaimba vizuri," akasema mama mnene, "akiwa amefunikwa na wengine."

"Wewe nawe!" Lilian akamgeukia na uso unaochuruzika maji. Lakini hakubisha.

*

Kabla sijamfuata Naisenya ilibidi niwapange hawa kwanza. Nilitoa penseli zangu, nyeusi na kahawia, nikazichonga, kichongeo nikakifuta kwa spiriti. Halafu kwa kisu safi nikakwangua unga kidogo kidogo kwenye sahani. Kila mama akapewa kijiti chake cha pamba, hivi vya masikioni, akichovya akimaliza anatupa. Hakuna kijiti kilichorudi kwenye sahani baada ya kugusa jicho la mtu.

Mama mnene hakuridhika. Alifungua pochi akatoa kidau cha shaba na kijiti chake. "Mimi ninao huu. Wanja wa manga wenyewe, dada yangu alinipa. Wa jiwe. Hauna kemikali."

"Hebu." Nikaunusa, nikausugua kwenye kidole. Mweusi, unang'aa kama mgongo wa mende. "Mama, hili jiwe mara nyingi ni risasi."

"Risasi ya bunduki?"

"Madini hayo hayo. Yanaingia mwilini taratibu, na kwa watoto ndiyo mabaya zaidi, yanaharibu akili zao na damu. Kuna wanja usiokuwa nayo, lakini kwa kutazama hivi huwezi kujua, wala mimi siwezi. Una mjukuu unayempaka?"

Akanitazama. "Tangu siku ya saba. Ili macho yawe makubwa."

"Na mimi nilikuwa hivyo," nikamwambia. Ni kweli. Loliondo niliuza wanja huo na nikawapaka vichanga kwa mkono wangu, mama zao wakinishukuru kwa maziwa. Muuguzi wa macho, Vedasto, alinikuta sokoni siku moja akaniketisha kwenye gunia la magadi akanieleza. Hakunigombeza. Ingekuwa nafuu angenigombeza. "Jicho la mtoto halikui kwa wanja, mama. Linakua na mtoto. Mpeleke kliniki, waambie alikuwa anapakwa, wamwangalie."

Akakifunga kidau, akakirudisha ndani ya pochi, chini kabisa. Baadaye nilimwona anaongea na simu nje, mgongo umetugeukia.

*

Naisenya nilimkuta nyuma ya chumba, anachochea chai ya watu wote kwenye sufuria kubwa. Hakuvaa kitenge cha kwaya. Alikuwa amejitanda kitambaa kichwani kimeshuka mpaka juu ya jicho la kushoto. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mrefu, shingo imenyooka, na masikio yale ya Kimasai yenye tundu kubwa, ingawa alishaolewa na Mzee Qamara wa huku Qurus miaka thelathini sasa, na kwa Kiiraqw, lugha ya huku, anagombana bila shida.

"Wewe ndiye wa muujiza," akasema.

"Clemensi ana mdomo."

"Ana mdomo. Keti, nikupe chai."

Nikaketi kwenye kinu kilicholazwa. Sikumwambia ondoa kitambaa. Tukanywa. Mwishowe akakisukuma nyuma mwenyewe, kwa kidole kimoja, kama mtu anayefungua pazia kuona kama mvua imeisha.

Kope la kushoto lilikuwa limeshuka, na nywele zake chache chache. Jicho lenyewe lilikuwa zima, safi, linaona. Lakini la kulia lilikuwa kubwa na la duara, na ndilo lililolifanya lile lingine lionekane limefumba nusu.

"Doreen alinijaribu Alhamisi ya wiki iliyopita," akasema. "Kabla hajapata hayo macho mekundu. Angalia."

Akatoa simu. Kwenye picha Doreen alikuwa amelizungushia jicho dogo wanja mweusi mzito, juu, chini, mpaka ndani ya ukingo ule wa nyama unyevu. La kulia hakuligusa. Jicho la kushoto lilikuwa limepotea. Palikuwa na tundu jeusi na nukta.

"Alisema hili kubwa halihitaji kitu," akasema Naisenya. "Nilipoiona hii picha ndipo nikamwambia Clemensi, basi, asimame mtoto."

"Alikosea kwa nia njema. Rangi nyeusi ukiizungusha jichoni inalifunga. Ni kama boma. Ukiweka miiba pande zote, uwanja wa ndani unaonekana mdogo."

"Na lilinichoma mpaka jioni."

"Litachoma. Ndani ya ukingo kuna vitundu vya mafuta vinavyolilinda jicho lisikauke. Ukiviziba kwa wanja unajitafutia ugonjwa. Kwa jicho lililopasuliwa ndiyo zaidi."

"Muuguzi alisema hivyo hivyo. Ukingo usiguswe."

Hapo nikairudisha mkobani penseli nyeupe niliyokwisha kuitoa. Maana biashara yetu ina ujanja wake wa jicho dogo, na ujanja wenyewe ni kupaka penseli nyeupe au rangi ya maziwa ndani ya ukingo wa chini. Weupe unaungana na weupe wa jicho, na jicho linaonekana limefunguka. Maharusi wangapi nimewafanyia kabla sijajua! Kwa Naisenya mlango huo ulikuwa umefungwa, na aliyeufunga alikuwa na haki.

Nikafanya nilichoweza kwa nje. Nilinawa mikono. Nikachukua penseli mpya ya rangi ya maziwa, nikamwekea mstari kwenye ngozi, chini ya nywele za kope la chini, nikausambaza kwa kijiti cha pamba usionekane kama chokaa. Juu nikapitisha kahawia, wembamba wa uzi, kuanzia katikati kwenda pembe ya nje tu, nikauinua kidogo mwishoni. Kahawia ni rangi pole kuliko nyeusi, hailizibi jicho. Kule ndani, karibu na pua, nikapaacha wazi.

Akajitazama kwenye kioo. Akageuza uso huku, akageuza kule.

"Ni bora," akasema.

"Lakini?"

"Lakini bado, mama. Unaona mwenyewe."

Niliona. Jicho lilikuwa limefunguka kidogo, halijamfikia mwenzake. Yeye hakulalamika. Alianza kukishusha kitambaa mahali pake, akachukua mwiko.

Clemensi akatokea kwenye kona ya nyumba. Nyuma yake alikuwa Inosenti, mpiga picha aliyetoka Arusha, kamera begani, jua limeanza kumuudhi.

"Bibi, saa tatu imepita," akasema Clemensi. "Upepo unakuja. Huyu anasema mwanga baada ya saa nne utakuwa mkali."

"Unakata uso vipande," akasema Inosenti. "Mama asimame nyuma, mimi nitafanya ujanja. Yule Lilian nitampiga kwa mbali, mdomo hautaonekana vizuri."

"Mdomo wa Lilian na sauti ya Mama Modest," Clemensi akasema, kama mtu anayesoma bei asiyoiweza.

"Nipeni dakika tano," nikasema.

"Za nini, bibi?"

"Nenda ukapange spika, mwanangu."

Wakaenda. Nikamwomba Naisenya simu tena. Niliitazama ile picha ya Alhamisi kwa muda mrefu. Tundu jeusi. Doreen alikuwa amelifanya jicho dogo likawa dogo zaidi, na kwa bidii. Kumbe binti alikuwa na dawa mkononi, ameiweka kwenye jicho lisilo lake.

"Mama Modest, nipe lile jicho zima."

"Hili? Lina kosa gani?"

"Halina kosa. Ni kubwa mno."

Akacheka mpaka mwiko ukaanguka. "Miaka minne nalilaumu la kushoto!"

"Nyamaza sasa, usicheke, utanifanya nikuchome. Tazama juu, kwenye bati."

Nilichonga penseli nyeusi, nikaikwangua, nikachukua kijiti kipya. Sikuingia ndani ya ukingo hata kwa jicho zima. Nilipita nje, kwenye mizizi ya nywele za kope, juu mstari wa unene mmoja tangu pua mpaka mwisho, bila kuinua mkia. Nikashuka chini nikauzungusha wote, nikaufunga pembe zote mbili. Boma la miiba, halina lango. Kisha nikaulainisha kidogo ili usionekane umechorwa na mtoto. Nilipoinua mkono nilisogea hatua tatu nyuma.

Jicho la kulia lilikuwa limerudi ndani. Limetulia, limekuwa na kivuli. La kushoto, na weupe wake wa maziwa chini na uzi wake wa kahawia, likawa limetoka nje kumlaki mwenzake.

Sikumpa kioo mara moja. Nilitaka kuwa na hakika, kwa hiyo nikaenda upande, nikarudi, nikakodoa. Halafu nikampa.

Akakishika kioo kwa mikono miwili. Chai ikachemka ikamwagika kwenye moto na hakuna aliyeinuka.

"Hayajalingana," nikamwambia, maana sipendi kumdanganya mtu. "Ila mtu itabidi apime ndipo aone."

"Nani atapima," akasema. Na akaenda kuvaa kitenge.

*

Kwenye mteremko nyuma ya kanisa kina mama walikuwa wameshajipanga safu mbili, spika kwenye majani, Lilian katikati anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Alipomwona Naisenya anakuja kichwa wazi, alihama bila kuambiwa. Alikimbia, hasa.

Inosenti alimtazama Naisenya kwa jicho la kazi, akamwomba asimame pale, akasogeza kamera karibu. Kisha akaniita.

"Bibi, njoo uone."

Kwenye kile kioo kidogo cha kamera uso wa Naisenya ulijaa wote, na msitu wa Ngorongoro nyuma yake, wingu limeanza kuuachia. Macho mawili. Yanatazama mbele.

"Jana mwalimu alinionyesha picha ya simu," akasema Inosenti. "Ni mama huyu huyu?"

"Ni huyo."

"Ulimfanya nini?"

"Nililipunguza jicho."

Hakuelewa, na wimbo ulikuwa unaanza, nikamwacha.

Basi spika ikapiga. Kina mama wakayumba kulia, wakayumba kushoto, midomo inafuata. Ilipofika zamu ya kuongoza, Naisenya alifungua mdomo na sauti ikatoka kweli. Alikuwa anaimba. Juu ya spika, juu ya sauti yake mwenyewe ya Arusha, na nadhani ya Qurus ilikuwa nzuri zaidi.

"Mama, si lazima uimbe!" Inosenti akapiga kelele wimbo ulipokwisha. "Mdomo tu!"

"Nikichezesha mdomo mtupu najiona mwongo."

"Haya, imba. Lakini kidevu kiko chini."

"Mama Modest, inua kidevu!" Sauti ilitoka mbali, kwenye mti wa mgrivelia pembeni mwa shamba. Alikuwa Doreen, amerudi kutoka zahanati, amevaa miwani myeusi ya kaka yake, ameketi peke yake na kijichupa cha dawa mapajani. "Na pale pa 'tutafika' vuta pumzi kwanza! Kama ulivyonifundisha!"

"Wewe si umeambiwa ukae mbali?" mama mnene akauliza.

"Si niko mbali? Sauti haiambukizi!"

"Wamesemaje huko?"

"Dawa ya matone. Ninawe mikono, taulo langu peke yangu, na wanja hakuna mpaka nipone kabisa." Akaisogeza miwani puani. "Na huo mpya kila mtu na wake. Nimeuliza."

Walipiga wimbo ule mara sita. Upepo ulifika saa nne kama nilivyosema, na mara ya tano ulimrushia Naisenya vumbi. Nilimwona anainua kiganja kwenda jichoni nikaguta, "Usisugue!" Akakisimamisha kiganja hewani. Nilimkimbilia na kitambaa safi, akajigusa pembeni taratibu mpaka machozi yakatoka yenyewe na vumbi lake. Wanja haukuchuruzika, maana haukuwa ndani. Mara ya sita ndiyo Inosenti aliyoipenda.

*

Baada ya chai na maandazi nilitandika vitu vyangu kuwatoa rangi. Naisenya alikuwa wa mwisho, na aliniwekea mkono kifuani.

"Mimi niache nayo."

"Mama Modest."

"Mzee Qamara yuko shambani, hajaniona. Acha anione. Nitaitoa mwenyewe kabla ya kulala."

"Kabla ya kulala kweli? Ukilala nayo inaingia jichoni usiku kucha, kazi yote tuliyofanya kukaa nje ya ukingo inakuwa bure."

"Wallahi," akasema, yeye Mkristo, kwa kunitania mimi Mwislamu. Tukacheka.

Nikamfungia mafuta kidogo kwenye kichupa kilichochemshwa, na vipande vya pamba. Nikamwonyesha: afumbe jicho, aweke pamba, ahesabu mpaka kumi, afute kuelekea chini bila kuvuta kope, halafu aoshe uso. Jicho la kushoto na pamba yake, la kulia na yake. Zile penseli za maziwa na kahawia nilizompakia nilimpa, na kipande cha ile nyeusi. Nilimwambia asimwazime mtu, hata binti yake. Akazifunga kwenye pindo la kitenge kama watu wanavyofunga hela.

Kwenye bodaboda nikirudi Karatu niliwapita watalii wanashuka kutoka kreta ya Ngorongoro, vichwa nje ya paa la gari, uso wote vumbi jekundu, macho meupe tu yanaonekana. Dereva wangu akaniuliza ninacheka nini.

Asubuhi yake, Salha akiwa anafungua duka, simu yangu ikaingia ujumbe. Ulikuwa umeandikwa na Modest, lakini maneno nilijua ni ya nani.

"Shikamoo mama. Nilitoa jana jioni. Kila jicho na pamba yake. Halichomi. Mzee alinitazama muda mrefu wakati wa kula, akaniuliza kama nimeanza kulala mapema. Nikamwambia ndiyo."

Nilimsomea Salha. Akacheka, akaniangalia miguuni.

"Viatu vya safari hujavaa."

"Bado," nikamwambia. "Video inatoka mwezi ujao. Nataka niione kwanza."